Hodi ya Saa Kumi

Wageni ndiyo kwanza wanavua viatu, na mtoto keshatokea mlango wa nyuma mbio kuelekea dukani. Zamani alikuwa anarudi na mfuko mweusi, angalau soda zikajificha humo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, anarudi kazikumbatia chupa kifuani, na shangazi aliyeketi barazani anaziona kabla hazijafika jikoni. Anajua zimenunuliwa sasa hivi. Anajua pia ni nne, na wao wako watano pamoja na yule mdogo wa mgongoni, kwa hiyo atasema yeye soda haimpendi.

Hapo pesa imetoka na heshima imepungua kidogo. Tuseme soda ni shilingi 700. Soda nne ni 2,800, na pakiti mbili za biskuti za kuwekea sahani ni kama 2,000 nyingine. Jumla 4,800, kwa wageni ambao huenda wakakaa nusu saa tu. Wakija mara tatu kwa mwezi, na kwa watu wa Tanga mara tatu ni chache, inafika bei ya kilo nne na ushei za mchele. Katika pesa hiyo ukarimu umechukua sehemu ndogo. Iliyobaki imelipia haraka: umenunua rejareja, kilichokuwepo dukani, wakati ambao huwezi hata kuuliza bei.

Wengi wanaolijua tatizo hili hulitibu kwa kununua vitu vya wageni na kuvifungia kabatini: maboksi ya juisi, biskuti za siagi, korosho, labda na chupa ya sharubati. Hiyo ni dawa ya wenye nacho, na hata kwao haidumu. Watoto hugundua kabati hilo ndani ya wiki. Korosho zinaanza kunuka mafuta ya zamani kabla mgeni hajafika. Juisi inafunguliwa siku ya homa, kwa sababu ipo. Mgeni anapobisha hodi, mwendo ni ule ule wa mlango wa nyuma.

Njia inayofaa kwa nyumba ya kipato cha kawaida ni nyingine. Karibu kila kitu kilichoko kwenye akiba ya mgeni kiwe kile kile kinachopikwa nyumbani siku zote: sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mchele, dagaa, mafuta. Kiwe kimoja tu, au viwili kwa wingi, ambacho ni cha mgeni peke yake. Hicho kiwe ni cha kutengeneza mwenyewe, kikavu, na cha kukaa.

Kwa vile vya nyumba nzima, kinachohitajika ni mstari. Chukua kopo la sukari, la plastiki linaloonyesha ndani, umimine nusu kilo, kisha uchore nje kwa kalamu ya wino mzito pale sukari inapoishia. Juu ya mstari ni sukari ya nyumbani. Sukari ikigusa mstari, kwa watu wa nyumbani imekwisha, na siku hiyo au kesho yake inanunuliwa. Chini ya mstari panaguswa kwa mgeni tu. Fanya hivyo kwa unga (kilo moja chini ya mstari) na kwa mchele (kilo moja). Majani ya chai yanatosha paketi moja ndogo isiyofunguliwa.

Uzuri wa mstari ni kwamba unalipa mara moja tu. Nusu kilo ya sukari, kilo ya unga, kilo ya mchele na paketi ya majani ni pesa ya mwezi mmoja wa kujibana, basi. Baada ya hapo bajeti yako ya mwezi inabaki ile ile, ila unaishi ukiwa mbele kidogo ya duka badala ya nyuma yake. Tena akiba haizeeki, mradi ukikumbuka jambo ambalo wengi hulisahau: ukinunua sukari mpya usiimimine juu ya ile ya zamani. Mwaga ya zamani kwenye bakuli, tia mpya chini, rudisha ya zamani juu. Kwenye unga na mchele jambo hili ni la lazima, maana fukusi hupenda pale chini pasipofikiwa na kata. Ukiona vumbi laini chini ya kopo, au chembe za mchele zilizotobolewa na kushikana kwa nyuzi nyembamba, wadudu wamekwishaingia. Anika mchele, pepeta, upike ndani ya wiki hiyo, kopo lioshwe na likauke juani kabla ya kutiwa kitu kingine.

Sasa kile kimoja cha mgeni. Mimi nashikilia visheti. Najua wapo wa kashata, wapo wa ubuyu, na Unguja watakuambia kahawa chungu na tende imetosha. Lakini kashata ya nazi katika joto la Pwani huharibika upesi, kwa sababu nazi ina maji na mafuta mengi. Tende ni nzuri, inakaa miezi, lakini nje ya Ramadhani bei yake si rafiki. Visheti vinatoka kwenye unga na sukari ambavyo tayari unavyo, na vikikaangwa vizuri hukaa wiki tatu hata nne bila jokofu.

Kwa nusu kilo ya unga, tia vijiko vinne vya mezani vya samli, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Sugua samli kwenye unga kwa vidole mpaka unga ukibanwa mkononi ushikane. Hapa ndipo visheti vinapopata ule wepesi wa kuvunjika mdomoni. Samli ikiwa pungufu vinakuwa vigumu kama kokoto. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, upate donge gumu kuliko la chapati. Wengi hukanda kwa tui la nazi, na ladha yake ni bora, hilo halina ubishi. Ila visheti vya tui vile wiki ya kwanza. Kwa akiba, kanda kwa maji.

Sukuma, kata vipande vidogo, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali ni adui namba moja wa visheti vya akiba. Vinapata rangi nzuri nje huku ndani vina unyevu, na unyevu huo ndio utakaovilainisha siku ya tano. Toa kimoja, kivunje. Ndani kuwe kukavu na rangi moja hadi katikati. Ukiona mstari mweupe wa unga laini, rudisha. Mafuta nayo yawe mapya au yaliyotumika mara moja tu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki na viazi tayari yameanza kuharibika, na uharibifu wake unahamia ndani ya visheti.

Shira ndiyo inayowashinda wengi. Kikombe kimoja na robo cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, ichemke bila kukorogwa. Chukua tone, litie kwenye kisahani cha maji baridi. Likiyeyuka na kutawanyika, bado. Likikusanyika ukaweza kulifinyanga kidogo kama gololi laini, imefika. Mimina juu ya visheti vilivyopoa, halafu geuza geuza bila kupumzika. Ndani ya dakika chache utaona shira inapauka, inakuwa nyeupe na kukauka juu ya kila kipande. Visheti vikibaki vinang'aa na kunata, shira ilitolewa mapema, maji bado yamo. Hivyo si vya kuweka. Wape watoto leo, na wala hawatalalamika.

Kabla ya kufunika kopo, acha vipoe kabisa, yaani ukigusa usisikie hata uvuguvugu. Kitu cha moto kikifunikwa hutoa mvuke, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, maji hudondoka, na kazi yote imekwisha. Kopo liwe la kifuniko cha kubana, lisikae juu ya jiko wala karibu na birika. Kila ukipita litikise. Visheti vizima hugongana kama mawe madogo, vilivyolainika havisemi kitu. Ukifungua, nusa kabla ya kuonja. Harufu ya mafuta ya zamani, ile inayokumbusha rangi ya kupaka milango, haiondoki kwa kuanika wala kwa kukaanga upya. Hapo tupa, na safari ijayo fanya nusu.

Nusu kilo ya unga hutoa visheti vya sahani kama sita za kuwekea wageni wanne. Ukijumlisha unga, sukari, samli, mafuta yaliyonyonywa, iliki na moto, kwa bei za mtaani kwangu inafika shilingi 4,000 na kidogo, yaani karibu 700 kwa sahani, bei ya soda moja.

Kuhusu watoto, nimeacha kuficha kopo. Siku ya kukaanga wanakula sehemu yao, na sehemu yenyewe iwe kubwa, robo nzima ya vilivyopikwa, wale washibe palepale. Kinachobaki ni cha wageni, na wanajua mgeni akija wao pia watawekewa. Mtoto anayejua kopo litafunguliwa siku ya mgeni huwa mlinzi wake mkali kuliko mama.

Ukitaka kitu cha pili, kiwe karanga. Nunua mbichi, chambua, kaanga kwa moto mdogo ndani ya chumvi au mchanga safi, hifadhi kwenye chupa ya kioo. Mwezi mmoja ni sawa. Lakini kwenye kuchambua usione uvivu. Karanga zilizosinyaa, zenye madoa meusi, ukungu wa kijani au ladha chungu zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu inayoshambulia ini, na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo hiyo. Karanga za bei ya kutupa mwishoni mwa msimu wa mvua mara nyingi ni za bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Sio za kumpa mgeni, wala za kula mwenyewe.

Tuchukue sasa Jumamosi moja, saa kumi jioni. Hodi. Ni shangazi kutoka Muheza, kaja mjini kwa mambo ya hospitali, kaambatana na shemeji na watoto wawili wa shule. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, tumesema tukipita bila kukuoneni itakuwa vibaya." Hawakupiga simu kwa sababu kumpigia simu mtu wa kwenu kabla ya kwenda kwake ni kama kumwomba ruhusa.

Kwanza maji ya kunywa, ndani ya dakika mbili, yakiwa baridi au ya mtungi. Wametoka juani, na maji ni heshima isiyo na gharama. Watu wa haraka huyaruka wakakimbilia soda. Hapo hapo sufuria ya chai iko motoni. Sahani ya karanga inaingia wakati salamu za Muheza bado hazijafika kwa wagonjwa. Mpaka hapo hujachelewa popote, na hakuna aliyetoka mlango wa nyuma.

Chai yenyewe ndiyo inayobeba mambo yote. Kwa watu sita, wale wanne na ninyi wawili, pima maji kwa vikombe vile vile mtakavyonywea, viwe sita na nusu, maana kingine kitapanda hewani. Tia iliki sita zilizopasuliwa, kipande cha mdalasini urefu wa kidole, tangawizi iliyopondwa. Viungo vichemke dakika tano peke yake kabla ya majani, kwa kuwa majani yakichemka muda huo yanatoa uchungu, na uchungu ukitoka unatafuta sukari. Majani yaingie mwisho, dakika mbili, uepue. Hivi utatumia sukari kidogo kuliko yule anayechemsha vyote pamoja.

Viungo vya akiba vihifadhiwe vizima. Iliki nzima kwenye ganda lake na mdalasini wa gome hukaa mwaka bila kupoteza harufu ya maana. Vilivyosagwa, vile vya kipakiti, vikifunguliwa hufifia ndani ya miezi michache, ndiyo maana watu wanazidisha vijiko na bado chai haisemi kitu. Ukiwa na kiwanja hata cha ndoo moja, panda mchaichai. Haukudai chochote, na siku iliki imekwisha majani matatu yaliyofungwa fundo yanakutoa aibuni kabisa.

Maziwa ndiyo kitu cha ghali kwenye chai, na si lazima. Maziwa ya unga ya vipakiti vidogo vidogo ni ghali kidogo kwa uzito kuliko kopo kubwa, lakini kwa akiba ya mgeni chukua vipakiti. Kopo kubwa likishafunguliwa hewa ya Pwani inaliingia, unga unashikana mabonge, kisha unabadilika rangi kuelekea njano. Kipakiti kinafunguliwa siku yake na kinaisha siku yake. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila jokofu ni mazuri mpaka uyafungue. Nyumba isiyo na jokofu iyamalize siku hiyo hiyo. Na kama hakuna maziwa ya aina yoyote, chai ya rangi yenye viungo vya kutosha ni kinywaji kamili. Usiipeleke ukiomba radhi.

Sukari iweke pembeni, kwenye bakuli na kijiko. Najua kwetu tumezoea kuitia sufuriani, na zipo nyumba ambako bakuli la sukari mezani linaonekana la kizungu. Lakini siku hizi katika wageni wanne mara nyingi yupo mmoja mwenye kisukari asiyependa kutangaza habari zake. Shangazi huyu alikuwa hospitali, hujui kaambiwa nini. Akimiminiwa chai iliyokwishatiwa vijiko viwili, ama anywe ajidhuru, ama aiache ionekane kakataa. Bakuli linamwondolea hilo, na karanga zile ndizo zitakuwa sahani yake, awaachie wengine visheti.

Watoto wa shule karanga na visheti haviwashibishi. Hapo ndipo unga wa chini ya mstari unapofanya kazi, kwa chapati za maji. Chapati za kusukuma zinataka donge lipumzike, zikunjwe, zisukumwe. Ni kazi ya saa nzima, na jasho lake linaonekana. Maandazi ya kuumua ndiyo kabisa usianze. Chapati za maji, unga vikombe viwili, yai moja, sukari vijiko vitatu, chumvi, iliki kidogo kama ipo, na maji vikombe karibu viwili, ukiyaongeza huku ukipiga kwa mwiko mpaka uji uwe mwepesi wa kutembea wenyewe kwenye kikaango. Uache dakika kumi mabonge yalainike. Kikaango kiwe kimepata moto barabara. Ya kwanza itanata na kukunjamana, hiyo ni ya mpishi. Zinazofuata, nane au tisa, zinakuwa mezani nusu saa baada ya hodi. Bila yai pia zinapikika, ila punguza maji kidogo na uzigeuze taratibu zisipasuke.

Hesabu ya Jumamosi hiyo, mpaka hapo chai ilipofika mezani: visheti sahani moja 700, karanga 600, chai ya maziwa kwa watu sita, pamoja na sukari, kama 1,400. Jumla 2,700, dhidi ya 4,800 za soda na biskuti. Chapati zikiongezwa inafika kama 4,000, na wageni wameshiba. Ukipika chai ya rangi unashuka tena karibu elfu moja. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na kupanda bei Tanzania, baada ya mvua kubwa kukwamisha uvunaji wa miwa, nyumba zenye mstari kwenye kopo ziliendelea kupokea wageni kwa wiki kadhaa bila kutafuta sukari usiku usiku. Baadaye nazo zilikwama kama wengine. Nusu kilo ni nusu kilo.

Ikifika magharibi shangazi hajaaga. Daladala za Muheza zinazidi kupungua, na shemeji kauliza kwa upole kama umeme hapa hukatika. Hawa ni wageni wa mlo sasa, pengine wa kulala. Usimuulize mgeni kama atakula, maana jibu ni hapana hata kama ana njaa. Washa jiko.

Mchele nusu kilo unalisha watu wazima wanne, kilo unalisha nyumba hii yote na kubakiza kiporo cha asubuhi. Mboga ni dagaa. Robo kilo ya dagaa wakavu, wa Mwanza au Kigoma, inatosha, na siri yake inafanyika wiki mbili kabla. Ukinunua dagaa, wachambue siku hiyo hiyo, toa vichwa na matumbo yale meusi yanayoleta uchungu, waanike jua moja kali, kisha wafungie kwenye kopo lao peke yao, mbali na unga na visheti, maana harufu yao haina mipaka. Kazi hii ni ya nusu saa nzima, na ni nusu saa ambayo huna mgeni akiwa sebuleni. Siku ya kupika unawaosha tu kwa maji ya moto mara mbili, mchanga utoke, unawakausha na kuwakaanga. Dagaa wa kukaa wanaonekana weupe wenye kung'aa fedha. Wakigeuka rangi ya kutu na kuwasha ulimi, mafuta yao yameharibika.

Nyanya na kitunguu vitafutwe dukani, au tumia nyanya ya paketi, ambayo kipakiti kimoja kinaweza kukaa kabatini mwaka mzima kikikusubiri. Nazi ikiwepo, wali na dagaa vyote viionje. Wapo wanaoona haya kumpa mgeni dagaa. Mimi naona haya ni kumpa dagaa wenye mchanga. Dagaa waliochambuliwa, wakakaangwa wakakatika, wakaungwa kwa tui zito na ndimu, shangazi wa Muheza atauliza umewanunua wapi.

Mkwe ni habari nyingine. Mkwe akija kwa mara ya kwanza akiba hii yote inabaki kabatini na kuku anatafutwa, hata kwa kukopa, na nisingemshauri mtu vinginevyo. Vivyo hivyo msafara wa watu kumi wa kuleta habari ya msiba au posa. Akiba ya mgeni ni ya watu wanne, watano, wale wa kila mwezi. Ukiipanua iwe ya kila tukio inageuka duka, na duka linahitaji mtaji. Na mwezi wa Ramadhani mgeni wa mchana aliyefunga huwekewi kitu mbele yake. Anafungashiwa visheti vyake akafuturie, au anazuiwa kuondoka mpaka adhana.

Wa kulala hana mengi ya kununuliwa: kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa, kanga moja safi iliyokunjwa peke yake, na chandarua kisicho na tundu. Vikae mahali pamoja na visiazimwe.

Kuna upande mmoja wa hesabu ambao watu hausemi kwa sababu unaonekana kama uchoyo. Mgeni wa kwetu mara chache huja mikono mitupu. Shangazi katoka Muheza, kwa hiyo kaja na machungwa, labda na mihogo, na pengine kilo ya sukari aliyoinunua stendi. Vitu hivi viingie kwenye mpango. Machungwa yakatwe usiku huo huo, nusu yarudi mezani kwake mwenyewe, ndiyo adabu, na mengine yaliwe na watoto kabla hayajalainika. Mihogo ichemshwe iwe chai ya asubuhi pamoja na kiporo. Sukari isifunguliwe mbele yake wala isiingie kwenye chai ya usiku huo. Akishapanda daladala, mimina ya zamani bakulini, yake chini, ya zamani juu, utazame imefika wapi kwenye mstari. Ikipita, mwezi huu umenunuliwa sukari na Muheza, na zamu yako ya kwenda huko bila simu utajua cha kubeba.